Daktari wa Paneli

Clifford huenda kazini na raba nyeupe. Nimemwona nazo kwenye matope ya Lugari, kwenye zizi la ng'ombe, na kwenye mazishi mvua ikimwagika, na kila mara anatembea kwa ncha za vidole kama kuku aliyekanyaga makaa. Shingoni ananing'iniza rimoti ya droni. Kwenye kadi yake ameandika: Daktari wa Paneli. Nani alimpa udaktari? Alijipa mwenyewe, kwenye duka la kuchapisha kadi hapa Kakamega mjini, na mwenye duka hakumuuliza cheti.

Mimi naitwa Pascalia, ingawa wengi huniita Mama Ashley. Nina duka la sola karibu na stendi ya Kakamega. Nafunga paneli na kutengeneza zilizoharibika. Nasema mapema kwamba Clifford simpendi, msije mkadhani namwonea. Ninamwonea kidogo, ndiyo, lakini amejitafutia.

Alianza na harusi. Hapo sina neno, harusi aliziweza. Droni ilipanda juu ya hema, ikazunguka keki, ikamshukia bwana harusi kichwani, watu wakapiga vigelegele. Baadaye akaipeleka Malinya kupiga picha fahali wakipigana. Akaishusha chini kabisa ili apate pembe vizuri, fahali mmoja akasikia ule mlio juu ya masikio yake, akaacha kupigana akakimbilia watazamaji. Vijana walimfukuza Clifford mpaka barabara ya lami. Siku hiyo raba zake hazikuwa nyeupe, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu dukani.

Mtu mwenye akili angejifunza adabu. Yeye alinunua droni kubwa zaidi, yenye kamera mbili: moja ya kawaida, na nyingine ya kuona joto. Unajua aliinunua ya nini? Kutafuta dhahabu! Rafiki yake alimwambia kamera ya joto inaona dhahabu chini ya ardhi, naye akaamini. Jamani, kamera ile inaona joto la uso wa kitu tu. Hata kidole kimoja chini ya udongo haioni. Alirukaruka juu ya mashimo ya wachimbaji wa Malinya msimu mzima, akavuna picha za mbwa waliolala na sufuria za chai. Mwishowe akasikia kwamba kamera kama hiyo hutumika kukagua paneli za sola. Akalala mpiga picha, akaamka daktari.

Basi, huko Lugari kuna ushirika wa maziwa. Wakulima wanaleta maziwa asubuhi na jioni, yanamwagwa kwenye tangi la kupoza, lori linakuja kuyachukua. Tangi linaendeshwa na paneli arobaini zilizofungwa kwenye fremu za chuma nyuma ya banda, upande wa chini ukiwa usawa wa goti. Mwaka huu maziwa yaliongezeka, tangi likaanza kuzimika mchana, jua likiwa kali. Maziwa yakaganda. Wakulima wakamwaga maziwa mferejini, na wakulima wakimwaga maziwa, hakuna mwenyekiti anayelala.

Mwenyekiti ni Mzee Titus. Mtu wa kofia kubwa na salamu ndefu. Alimwita Clifford, kwa sababu Clifford ndiye aliyepiga picha za sherehe ya kuzindua zile paneli, na kwa Mzee Titus mtu akikupiga picha nzuri basi ana akili ya kila kitu. Clifford akaja, akarusha droni, akaketi na kamati na kuwaonyesha picha kwenye kompyuta. Kila paneli ilikuwa ya zambarau, na karibu kila moja, kwenye kona ya chini, mkono wa kushoto, ilikuwa na doa jeupe linalowaka.

"Hizi ni nyufa," akatangaza. "Seli zimepasuka. Kuna mtu anazikanyaga paneli zenu, na anaanzia kona hii hii kila mara."

Mtu mwenyewe hakuwa mbali. Kazi ya kuosha paneli ni ya Elkanah, jamaa mpole wa makamo, mume wa Edah anayeuza mboga pale sokoni. Kazi hiyo ndiyo inayowaweka watoto wake shuleni. Kamati ikamsimamisha siku iyo hiyo. Mzee Titus akasema wanachama watakutana Jumamosi, na wakikubali, Elkanah atapelekwa polisi kwa kuharibu mali ya ushirika.

Mimi niliitwa na Sellah, katibu wa ushirika, nije nipige hesabu ya paneli mpya. Eti zile zimekwisha. Nilifika nikamkuta Edah langoni na kapu lake, hajauza hata fungu moja la sukuma.

"Mama Ashley," akaniambia, "kanisani wameanza kuhamisha viti tukikaa. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mvunja sola. Wewe unajua hivi vitu. Tafadhali angalia vizuri, hata kama ni yeye, uniambie ukweli."

Nilimhurumia. Nikamwambia nitaangalia.

Ofisini nikamkuta Clifford mwenyewe, amekunja nne, anakunywa chai ya ushirika.

"Daktari," nikamwambia, "nionyeshe mgonjwa."

Akafungua zile picha kwa madaha. Nakubali, picha zilikuwa safi. Alirusha jua likiwa kali, anga haina wingu, na tangi lilikuwa linafanya kazi, kwa hiyo umeme ulikuwa unatoka kwenye paneli. Hayo ndiyo mambo yanayotakiwa. Umeme usipochukuliwa, madoa mengi hujificha, unaona paneli nzima ina uvuguvugu tu. Nikamuuliza kama aliyajua hayo.

"Nilienda tu saa ile nilimaliza kula," akasema.

Lo! Bahati nayo haichagui wa kumwangukia.

"Na hili doa limezidi seli za jirani kwa joto kiasi gani?"

"Ni jeupe, Mama Ashley. Huoni? Jeupe ni hatari."

"Rangi inachaguliwa na kamera, wewe! Ukiiacha ijipangie yenyewe, kitu chenye joto kuliko vingine lazima kiwe cheupe, hata kama kimezidi kidogo tu. Usisome rangi. Soma tofauti."

Hakuwa anajua pa kubonyeza. Nilibonyeza mimi. Doa lilikuwa limezidi seli za jirani kwa zaidi ya nyuzi thelathini, na juu yake kulikuwa na mstari mzima wa seli wenye uvuguvugu, kama theluthi ya paneli. Hilo halikuwa jambo la mchezo. Paneli zilikuwa na shida kweli, na theluthi ile haikuwa inatoa umeme. Nikamuuliza kama lile doa labda lilikuwa mwanga wa jua unaorudishwa na kioo, maana hilo nalo hudanganya watu. Akanitazama kama nimemuuliza tarehe ya kuzaliwa ya nyanya yangu. Nikapekua picha zake moja moja. Mwanga wa kioo huhama droni ikihama. Hili lilibaki palepale, picha hadi picha. Lilikuwa joto la kweli.

Kisha nikaona kitu. Paneli nne za mstari wa mwisho hazikuwa na doa lolote. Rangi moja, kutoka juu hadi chini.

"Hizi nne zina nini?"

"Hizo ni nzima," akasema Daktari.

"Hizo zinaoshwa na nani?"

Sellah ndiye aliyejibu. "Ni Elkanah tu. Anaoshanga zote. Hizo nne zililetwa baadaye, zile za kwanza zilivunjwa na mvua ya mawe."

"Kwa hiyo Elkanah anazikanyaga thelathini na sita, akifika kwenye hizi nne anaota mabawa?"

Clifford akanywa chai. Nikaondoka nikaenda nyuma ya banda kuziangalia paneli zenyewe kwa macho. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwa mtu yule. Alipita juu yake, akapita kando yake na raba zake nyeupe, na hakuinama kuangalia. Elkanah alikuwa amesimama kwenye ua wa jirani, hana ruhusa ya kuingia, akinitazama.

"Fundi," akaita kwa sauti ya chini, "mimi sipandangi juu. Naoshanga na brashi ya mti mrefu, nikisimama chini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto."

Nilikuwa nimeshaamini. Maana pale kwenye kona ya chini, mkono wa kushoto, kila moja ya zile thelathini na sita ilikuwa imeandikwa herufi tatu za jina la ushirika na nambari, kwa rangi nyeupe ya mafuta, ukubwa wa kiganja. Zile nne za mwisho hazikuandikwa kitu.

Ndugu zangu, mnajua watu wetu. Kiti cha kanisa kinaandikwa. Sahani ya shule inaandikwa. Sufuria ya chama cha akina mama inaandikwa mgongoni na tumboni, ili mwizi aone haya. Na paneli za sola nazo zikaandikwa, lakini si mgongoni. Zikaandikwa usoni, juu ya kioo, pale jua linapoingilia.

Nikawaita wote na kuwaeleza, na Mzee Titus alikuwa amefika. Seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano, umeme wa moja unapita kwa nyingine. Ukiziba nusu ya seli moja kwa rangi, haiwezi kutoa kama wenzake, nao wanaisukuma kwa nguvu. Badala ya kutoa umeme inaanza kuula, na umeme unaoliwa unageuka joto. Ndani ya paneli kuna kifaa kinachofungua njia ya pembeni ili umeme usikwame, lakini njia hiyo inaliacha fungu zima la seli nje. Ndiyo ile theluthi. Ndiyo maana tangi linazimika.

"Maneno," akasema Mzee Titus. "Karangi kadogo hivi kazime tangi?"

"Ebu turushe droni," nikasema.

Saa sita mchana, jua la utosi, tangi likinguruma. Clifford akarusha: doa lipo. Nikachukua kikwangua cha plastiki na kitambaa chenye dawa ya kutoa rangi, nikasafisha paneli moja katikati ya mstari mpaka kioo kikang'aa. Tukangoja ipate joto lake la kawaida. Clifford akarusha tena. Mstari mzima ulikuwa na madoa kama mwanzo, isipokuwa paneli ile moja. Kona yake ilikuwa sawa na mwili wake wote.

Sellah akapiga makofi. Clifford naye akapiga makofi, akasema, "Mmeona kamera yangu?"

 Ningemjibu ningetukana.

Nilidhani yamekwisha, na Elkanah amerudi kazini. Mjinga mimi. Mzee Titus alikuwa ameziangalia zile herufi kwa muda, na uso wake ukabadilika, ukawa na raha.

"Na hii rangi," akasema, "ni nani aliipaka?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni Elkanah. Mwulizeni. Mimi nilimwambia apake alama nyuma, yeye kwa uvivu wake akapaka mbele. Kwa hiyo ni yule yule ameharibu. Jumamosi iko palepale."

Elkanah kule uani aliinua kichwa. "Mzee," akasema, "ni wewe ulisema mbele."

"Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Sellah alikuwa bado hajaajiriwa. Nilitaka kumrukia yule mzee. Na Elkanah alikuwa ameipaka kweli, hakukana. Nilirudi Kakamega nimekasirika hata chakula sikula. Nilikuwa nimemtoa kwenye shimo moja nikamtia kwenye lingine, na hili lilikuwa na ushahidi wa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi nikaenda. Wanachama walijaa kwenye banda, wamekaa juu ya mitungi ya maziwa iliyogeuzwa. Nje akina mama walikuwa wanasonga obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa kienyeji, ilikuwa inachemka, kwa sababu hata mkimfukuza mtu kazi lazima mle. Edah alikaa nyuma kabisa, peke yake. Nikaenda nikakaa naye.

Na nani alikuwa mbele, na projekta na shuka jeupe ukutani? Daktari. Kamati ilimwita aonyeshe zile picha za joto, naye akaona ni nafasi ya kujitangazia biashara. Hata hakuanza na paneli.

"Kabla ya ripoti," akasema, "nawaonyesha kidogo kazi zangu, ili mjue mnashughulika na mtu wa aina gani."

Watu wakaguna. Tukaonyeshwa keki. Tukaonyeshwa maharusi. Fahali wa Malinya aliachwa nje, nashangaa kwa nini. Kisha Clifford akasema kwa fahari, "Na hii ni ya hapa hapa kwenu, siku ya uzinduzi. Sikilizeni sauti ilivyo safi. Wengine wanaweka muziki tu; mimi nilimvalisha mwenyekiti maikrofoni kifuani."

Shukani akatokea Mzee Titus, kofia, suti, brashi mkononi, ameinama mbele ya paneli ya kwanza. Kando yake Elkanah ameshika kopo la rangi. Na sauti, kweli, ilikuwa safi.

"Mzee," ilisema sauti ya Elkanah, "si tupake nyuma? Hapa mbele ndipo jua linaingia."

"Nyuma nani ataona?" ilijibu ya Mzee Titus. "Mwizi anaingia kwa nyuma? Paka mbele, iandikwe kubwa. Wewe shika kopo, kazi ya kufikiri wachia wenye kazi." Kisha akaandika herufi ya kwanza kwa mkono wake, akaigeukia kamera, akatabasamu.

 Mtungi mmoja ulilia chini ya mtu aliyejisogeza. Halafu kicheko kikaanzia upande wa akina mama jikoni, kikaingia ndani, kikawa kelele. Mzee mmoja akasimama akapiga chini fimbo yake: "Titus! Maziwa yangu yamemwagwa mferejini kwa ajili ya mkono wako?"

Clifford alikuwa anachekelea pamoja nao. Alidhani wanapenda video. Akauliza, "Niirudie?" na wanachama wote wakapaza sauti: "Irudie!" Akairudia. Naapa hakuelewa. Mpaka kesho hajaelewa. Ukimkuta mjini leo atakwambia ni yeye aliyegundua siri ya Lugari kwa kamera yake, na sehemu ya kuchukiza ni kwamba hajadanganya kabisa.

Mzee Titus alijaribu kusema kitu kuhusu wezi. Hawakumsikiliza. Elkanah akarudishiwa kazi kwa mikono iliyoinuliwa, na Edah kando yangu akalia, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Nami nikalia, ndiyo, na nani aseme.

Kilichobaki kilikuwa ni kuondoa rangi. Nikawaambia wanachama ukweli: paneli chache zilikuwa zimekaa na joto lile muda mrefu mno, na kona zake zimeungua kahawia chini ya kioo, hizo hata zikisafishwa zitaendelea kuonyesha doa, na itabidi zibadilishwe. Nyingine zitapona zote. Wakauliza ni nani atakwangua.

Elkanah akasimama. Sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya watu.

"Nitakwangua mimi," akasema. "Nilizipaka, nitazikwangua. Tutaanza kesho kutwa asubuhi, kioo kikiwa baridi. Lakini naomba kitu kimoja tu."

Akachukua kopo la dawa ya kutoa rangi nililokuwa nimeleta, akatembea nalo katikati ya mitungi mpaka mbele, akamnyooshea Mzee Titus.

"Wewe shika kopo."

Na Mzee Titus, mbele ya wanachama wote, akalishika.